Ijumaa ijayo ya mwaka 2011: namna ya kufupisha waraka wa zamani bila kupotosha tarehe

Barua ya mwaka 2011 inayosema "kikao kitafanyika Ijumaa ijayo" haina kosa. Aliyeipokea alijua ni Ijumaa ipi, maana aliisoma wiki ileile. Shida huanza pale anayeifupisha leo anapolihamisha neno hilo jinsi lilivyo. Msomaji wake hana barua mkononi, ana muhtasari tu, na kwake "Ijumaa ijayo" ni ya wiki anayoishi yeye. Kikao kilichopita miaka mingi kinageuka kuwa kikao cha kesho kutwa.

Mwongozo huu unafuata waraka mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mafunzo haya, lakini umejengwa kwa maneno yanayopatikana kila siku kwenye majalada ya vyama vya akiba na mikopo. Ni barua ya meneja kwa wajumbe wa bodi:

> Jumatano, 16 Novemba 2011. Kikao cha bodi kilichokuwa kifanyike Ijumaa iliyopita kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Sasa kitafanyika Ijumaa ijayo saa 4 asubuhi. Katika robo iliyopita marejesho ya mikopo yalishuka yakilinganishwa na robo kama hiyo mwaka jana. Mkaguzi aliyefika juzi ameagiza vitabu vya mwaka jana viwe tayari kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa sasa chama kina wanachama 212. Makisio ya 2011/12 yatapitiwa upya, na uchaguzi wa bodi utafanyika mwakani.

Aya fupi, lakini ina maneno tisa au zaidi yanayotegemea siku ambayo meneja alishika kalamu.

Hatua ya kwanza: ipate tarehe ya msingi

Tarehe ya msingi ni siku ambayo mwandishi alikuwa akiita "leo". Kila hesabu inaanzia hapo, kwa hiyo ikikosewa, zote zinazofuata zinakosewa pamoja nayo.

Waraka mmoja unaweza kubeba tarehe nne au tano. Kuna iliyoandikwa juu ya barua, kuna ya muhuri wa kupokelewa masjala, kuna ya sahihi, na kama waraka umeskaniwa kuna tarehe ambayo faili la kompyuta lilitengenezwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopotosha watu wengi, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza kwenye skrini. Barua ya 2011 iliyoskaniwa 2019 itaonyesha 2019 kwenye sifa za faili, na tarehe hiyo haituhusu hata kidogo.

Kwa barua, chukua tarehe ya mwandishi iliyo juu. Kwa kumbukumbu za kikao, chukua siku ya kikao. Usichukue siku ambayo mwenyekiti alizisaini, ambayo mara nyingi huwa ni kikao kilichofuata, pengine miezi mitatu baadaye. Mjumbe aliyesema "wiki ijayo" alihesabu kutoka kwenye kiti alichokalia siku ile. Kwa taarifa ya kipindi kuwa mwangalifu zaidi: taarifa iliyosainiwa 20 Januari ikisema "katika robo hii" karibu kila mara inazungumzia Oktoba hadi Desemba. Hapo kichwa cha taarifa kina nguvu kuliko tarehe ya sahihi.

Tena, waraka ukinukuu waraka mwingine, nukuu hiyo ina tarehe yake ya msingi. Kama meneja angenukuu barua ya benki ya 3 Oktoba iliyosema "mwezi ujao", huo ungekuwa Novemba, si Desemba.

Ukishaipata tarehe, ijaribu. Kama waraka umetaja siku ya wiki pamoja na tarehe, una kipimo cha bure. Kwenye lahajedwali andika:

```
=WEEKDAY(DATE(2011,11,16),2)
```

Jibu ni 3. Kwa mpangilio huo Jumatatu ni 1, basi 3 ni Jumatano, na barua yetu inajithibitisha yenyewe. Zisipolingana, kuna kosa mahali fulani, na kosa linalotokea sana ni la mwaka. Watu huendelea kuandika mwaka uliokwisha katika wiki za kwanza za Januari. Ukikuta "Jumatatu, 9 Januari 2011", angalia kalenda: 9 Januari 2011 ilikuwa Jumapili, ilhali 9 Januari 2012 ilikuwa Jumatatu. Bila shaka mwandishi alikusudia 2012. Andika 2012 katika muhtasari, na useme kwamba waraka wenyewe umeandika 2011 na kwa nini umesahihisha.

Je, waraka usipokuwa na tarehe kabisa? Tafuta ndani yake tukio linalojulikana. Barua ya Tanzania bara inayosema "sherehe za miaka 50 ya Uhuru mwezi ujao" iliandikwa Novemba 2011, kwa kuwa Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Maneno hayohayo katika barua ya Kenya yangekupeleka Novemba 2013, maana uhuru wake ni wa 12 Desemba 1963. Ukishindwa kupata hata tukio moja la namna hiyo, usihesabu chochote. Acha maneno ya mwandishi ndani ya alama za nukuu na ueleze kwamba waraka hauna tarehe.

Hatua ya pili: pigia mstari kila neno linaloegemea siku hiyo

"Ijumaa ijayo", "juzi", "mwakani" na "robo iliyopita" hujitokeza wazi. Yaliyojificha ndiyo yanayoponyoka. "Kwa sasa chama kina wanachama 212" ni tarehe kamili, ingawa haionekani kama tarehe. Vivyo hivyo "hadi leo", "hivi karibuni", "jengo jipya", "mwenyekiti wa sasa", "bado hatujapokea". Ukiyahamisha hivyohivyo, msomaji wa leo ataamini kwamba chama kina wanachama 212 asubuhi hii na kwamba jengo la 2011 lingali jipya.

Pigia mstari pia vitenzi vya wakati ujao. Nitavirudia mbele, kwa sababu ndipo muhtasari unapoweza kusema uongo huku kila tarehe yake ikiwa sahihi.

Hatua ya tatu: geuza maneno kuwa tarehe

Anza na yasiyo na utata. "Ijumaa iliyopita", ikihesabiwa kutoka Jumatano 16 Novemba 2011, ni tarehe 11 Novemba. "Mwisho wa mwezi" ni 30 Novemba 2011. "Mwakani" ni 2012. Andika kando, usonge mbele.

"Ijumaa ijayo" inahitaji subira. Kutoka Jumatano ile, Ijumaa ya kwanza ni 18 Novemba, siku mbili tu mbele. Ya pili ni 25 Novemba. Wapo wanaosema "Ijumaa hii" kwa ile ya karibu na "Ijumaa ijayo" kwa ya wiki inayofuata, na wapo ambao kwao "ijayo" ni yoyote itakayotangulia kufika. Wote wanazungumza Kiswahili sanifu. Hata mwanzo wa wiki haufanani: kalenda ya ofisi huanza Jumatatu, ilhali kwa hesabu ya Kiswahili yenyewe Jumamosi ndiyo mosi na Ijumaa ndiyo inayofunga wiki. Mtu aliyeandika siku ya Jumamosi "Ijumaa ya wiki hii" anaweza kuwa anamaanisha siku sita mbele au jana yake.

Kwa hiyo usiamue kwa mazoea yako mwenyewe. Tafuta ushahidi nje ya sentensi. Mahali pa kwanza ni kanuni za mwandishi: tuseme jaladani mna kanuni za chama zinazodai wajumbe wapewe notisi ya siku 7 kabla ya kikao. Barua ya 16 Novemba haiwezi kuitisha kikao cha 18 Novemba bila kuvunja kanuni hizo, hivyo 25 Novemba ndiyo inayoelekea. Mahali pa pili ni nyaraka zilizofuata, kama daftari la mahudhurio au hati ya malipo ya posho za wajumbe. Hati hizo zikiwa na tarehe 25 Novemba, suala limekwisha. Mahali pa tatu ni mazoea ya mwandishi huyohuyo: soma barua zake nyingine uone "ijayo" yake huangukia wapi.

Ushahidi usipopatikana, andika tarehe zote mbili. "18 au 25 Novemba 2011" ni taarifa ya kweli inayomfaa msomaji, kwani inamwambia atafute katika siku mbili tu. Tarehe moja iliyobahatishwa itanukuliwa na mwingine, kisha mwingine, mpaka isahaulike kwamba ilikuwa ya kubahatisha.

Nenda sasa kwenye "robo iliyopita". Watu huiogopa zaidi ya inavyostahili. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni, ilhali taasisi nyingine hufuata Januari hadi Desemba. Kwa meneja aliyeandika Novemba, kalenda zote mbili zinakupeleka kwenye miezi ileile: Julai, Agosti na Septemba 2011. Kinachobadilika ni jina lake. Kwa mwaka wa serikali hiyo ni robo ya kwanza ya 2011/12. Kwa mwaka wa Januari ni robo ya tatu ya 2011. Ndiyo maana napendelea muhtasari uandike miezi, "Julai–Septemba 2011", na kuiacha namba ya robo mpaka mwaka wa fedha wa taasisi ujulikane kwa hakika. Miezi haitakosewa, lakini "robo ya tatu" ikiandikwa kwa chama kinachoanza Julai itamtupa msomaji Januari–Machi 2012, miezi ambayo meneja alikuwa hajaifikia.

Kanuni hii ina mpaka. Inafanya kazi pale mwaka wa fedha unapoanza Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Taasisi inayoanza mwaka wake mwezi mwingine, tuseme Februari, ina robo zinazokatika kwingine, na hapo huna njia ila kuutafuta ukurasa wa hesabu unaotaja mwanzo na mwisho wa mwaka.

"Mwaka jana" una mtego wa pekee, na barua yetu imeutumia mara mbili. "Robo kama hiyo mwaka jana" ni Julai–Septemba 2010, bila mgogoro. Lakini "vitabu vya mwaka jana" ni vipi? Mkaguzi hakagui mwaka wa kalenda, hukagua mwaka wa hesabu. Jibu limo kwenye barua yenyewe, mistari miwili chini: "makisio ya 2011/12". Mkwaju huo unaonyesha kwamba mwaka wa chama hiki umevuka miaka miwili ya kalenda. Kwa hiyo mwaka uliotangulia ni 2010/11, na ndivyo tutakavyoandika. Tukiandika "vitabu vya 2010" tutakuwa tumemkata mkaguzi nusu ya kazi yake.

"Juzi" linaweza kuwa siku mbili nyuma kabisa, yaani Jumatatu 14 Novemba. Linaweza pia kuwa "siku za karibuni" tu, kama tunavyolitumia tukizungumza. Katika barua ya kikazi sioni sababu ya kuling'ang'ania tarehe. "Siku chache kabla ya barua" inatosha, isipokuwa kitabu cha wageni kikithibitisha siku yenyewe.

Katika waraka wa pwani au wa zamani zaidi, ongeza tahadhari mbili. Kwa hesabu ya jadi siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" unaweza kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi inauita Alhamisi. Na miezi ya Kiislamu huzunguka, ikirudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. "Ramadhani iliyopita" katika barua ya Novemba 2011 ni Agosti 2011. Maneno hayohayo yakiandikwa Januari 2002 yangekuwa katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba 2001. Usitaje siku kamili ya Idi kwa hesabu peke yake, kwani kuandama kwa mwezi hutofautiana siku moja kati ya mahali na mahali. Mwezi unatosha.

Hatua ya nne: andika kwa kiasi kilekile cha uhakika

Mwandishi aliyesema "mwezi ujao" alitaja mwezi. Mwandikie mwezi: Desemba 2011. Usimpe 16 Desemba kwa sababu tu lahajedwali linaweza kuongeza siku 30. Aliyesema "miaka kumi iliyopita" mwaka 2011 pengine alikadiria, basi andika "takribani mwaka 2001".

Kisha vitenzi. Barua inasema kikao "kitafanyika". Leo tunajua siku hiyo imepita, na mkono unataka kuandika "kilifanyika". Barua haijui hilo. Kikao kilichokwisha kuahirishwa mara moja kwa kukosa akidi kingeweza kabisa kuahirishwa tena. Andika "kilipangwa kufanyika". Uchaguzi wa mwakani "ulitarajiwa" 2012, na makisio "yalitarajiwa" kupitiwa upya. Ukipata kumbukumbu zinazoonyesha kikao kilifanyika kweli, litaje hilo katika sentensi yake, na ueleze limetoka kwenye waraka gani. Yaliyosemwa na barua yabaki upande wake, na uliyoyagundua wewe yabaki upande mwingine.

Vitabu vyenyewe mkaguzi "aliagiza viwe tayari", usiseme "vilikuwa tayari". Na wanachama 212 "walikuwepo wakati huo".

Huu ndio muhtasari wetu:

> Barua ya meneja kwa bodi, 16 Novemba 2011. Kikao cha bodi kilichopangwa 11 Novemba 2011 kiliahirishwa kwa kukosa akidi. Kilipangwa upya kufanyika saa 4 asubuhi siku ya Ijumaa, inaelekea 25 Novemba (barua inasema "Ijumaa ijayo", kanuni za chama zinadai notisi ya siku 7). Marejesho ya mikopo ya Julai–Septemba 2011 yalikuwa chini ya yale ya Julai–Septemba 2010. Mkaguzi, aliyefika siku chache kabla ya barua, aliagiza vitabu vya mwaka wa fedha 2010/11 viwe tayari kabla ya mwisho wa Novemba 2011. Wakati huo chama kilikuwa na wanachama 212. Makisio ya 2011/12 yalitarajiwa kupitiwa upya, na uchaguzi wa bodi ulitarajiwa mwaka 2012.

Maneno ya asili nimeyabakiza pale tu palipokuwa na uamuzi wa kufanya. Ukiweka nukuu baada ya kila tarehe, msomaji anachoka na hawezi tena kutofautisha hesabu ya hakika na ile ya kukisia.

Hatua ya tano: utafute mabaki

Funga barua, baki na muhtasari peke yake. Tumia kitufe cha kutafuta kwenye programu yako ya kuandikia na upitishe maneno haya moja moja: jana, juzi, leo, kesho, sasa, ijayo, ujao, iliyopita, uliopita, mwakani, karibuni, bado, mpya. Kila litakalojitokeza linapaswa kuwa ndani ya alama za nukuu au liwe na tarehe ubavuni. Katika muhtasari wetu linatokea moja tu, "ijayo", na limo ndani ya nukuu.

Halafu tafuta "-ta-" ya wakati ujao: kitafanyika, utafanyika, yatapitiwa. Muhtasari wa waraka wa zamani haupaswi kuwa nayo hata moja nje ya nukuu.

Kama una waraka zaidi ya mmoja kwenye jalada, fanya jambo moja zaidi kabla ya kukabidhi kazi. Panga tarehe zote ulizozipata katika safu moja kwa mfuatano na uzisome kutoka juu hadi chini. Kosa la tarehe ya msingi hujitokeza hapo haraka: mkaguzi anaonekana amefika kabla ya kuteuliwa, au jibu la barua linatangulia barua yenyewe. Ukiona hivyo, usiirekebishe tarehe ile moja iliyokaa vibaya. Rudi kwenye hatua ya kwanza ya waraka huo, kwa sababu tarehe zake nyingine zote zimesogea pamoja nayo.